Konsoli Inakula Stima Kiasi Gani? Pima Kabla ya Kulaumu Hali ya Mapumziko

Swali hili huja kila mwisho wa mwezi, mara nyingi likiandamana na picha ya SMS ya tokeni: "Tangu kijana aletewe PS5, tokeni za elfu moja hazifikishi wiki mbili. Ni hii mashine ama?" Wengi wakishauliza, huwa tayari wamemchagua mshukiwa, yaani ile taa ya rangi ya chungwa ya hali ya mapumziko, inayowaka usiku kucha. Mimi pia niliishuku, hadi dada yangu anayeishi mtaa wa Umoja, Nairobi, aliponiita niende nipime. Taa ile haikuwa na makosa makubwa. Kilichokuwa kikimaliza tokeni bure ni gemu iliyoachwa imesimamishwa wakati kijana ameenda kula.

Nitafuata kipimo cha nyumba hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Nambari zako hazitalingana na zake, lakini njia ni ileile.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- SMS mbili au tatu za karibuni za tokeni.
- Kipima-wati cha kuchomeka ukutani, kile unachokichomeka kwenye soketi kisha kifaa kikachomekwa juu yake. Maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue huwa navyo. Hakikisha ni cha pini tatu zetu na kinaonyesha W na kWh, si volti na ampia peke yake. kWh moja ndiyo yuniti moja ya tokeni.
- Ukikosa kipima-wati, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na ruhusa ya kufika mita ya nyumba yako ilipo.
- Daftari, na wiki moja ya kuandika ukweli.

Hatua ya 1: Tafuta bei yako halisi ya yuniti

Usitumie bei uliyosikia kwa jirani. Fungua SMS ya tokeni, chukua kiasi kilicho mbele ya `Amt`, ukigawanye kwa nambari iliyo mbele ya `Units`. Jibu tayari lina ushuru, gharama ya mafuta na makato mengine yote. Dada yangu alilipa shilingi 1,000 akapata yuniti 33.3, kwa hivyo yuniti moja ilimgharimu karibu shilingi 30.

Fanya hivyo kwa SMS mbili au tatu, kwa sababu makato ya mafuta na ya fedha za kigeni hubadilika kila mwezi. Kama ulikuwa na deni likakatwa kwenye malipo, iruke SMS hiyo, maana itakupa bei ya uongo.

Kuna jambo moja hapa ambalo wengi hawalijui. Tangu Aprili 2023, wateja wa nyumbani wa Kenya Power wamegawanywa katika makundi matatu: hadi yuniti 30 kwa mwezi, kutoka 30 hadi 100, na zaidi ya 100. Kundi lako huamuliwa na wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu, na ukishavuka 100 unalipa bei ya juu kwa yuniti zote, si zile za ziada peke yake. Konsoli moja inaweza kukuvusha mpaka huo. Utaona tukifika kwenye hesabu.

Kama umepanga na mwenye nyumba amekuwekea mita yake ndogo, bei ni ile anayokutoza yeye. Habari ya makundi haikuhusu moja kwa moja, lakini vipimo vinavyofuata vinakuhusu.

Hatua ya 2: Pima ikiwa inachezwa

Chomeka kipima-wati ukutani, kisha uchomeke konsoli peke yake juu yake. Usichomeke ekstensheni yenye TV, ruta na chaja, ukaita jumla yake "PS5". Anzisha gemu inayochezwa zaidi nyumbani, ingia uwanjani hasa, uache dakika kumi zipite, kisha usome W mara tano kwa kuachana dakika moja moja. Chukua wastani.

Kosa la kawaida ni kusoma kibandiko cha nyuma. PS5 ya kwanza yenye diski imeandikwa wati 350, na watu hukimbilia kuzidisha kwa hiyo. Nambari ile ni kiwango cha juu ambacho mashine imetengenezewa, si kile inachokula kila dakika. Umoja, kwenye gemu ya mpira, tulipata wastani wa wati 195. Gemu za PS4 zikichezwa kwenye mashine hiyohiyo hushuka sana, kwa hivyo pima gemu mnayocheza, si ile ya kujionyesha.

Jambo lingine: vipima vingi huonyesha pia VA. Soma W. Mita ya tokeni ya nyumbani inahesabu W.

*Kama huna kipima-wati.* Tafuta taa ndogo nyekundu inayomweka kwenye mita ya nyumba. Kando yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa yuniti moja, kwa mfano `1000 imp/kWh`. Zima kila kitu nyumbani ila konsoli na TV, friji nayo uichomoe kwa hizo dakika chache. Mmweko wa kwanza ukitokea anza saa na useme "sifuri", si "moja", halafu uhesabu hadi kumi. Ukianza na moja utakuwa umepima nafasi tisa, na jibu litatoka limevimba. Gawanya sekunde zote kwa 10, kisha:

```
W = 3600000 / (imp x sekunde)
```

Tulijaribu kulinganisha. Mimweko kumi ilichukua sekunde 136, yaani 13.6 kwa kila mmoja. 3600000 ukigawanya kwa (1000 × 13.6) unapata karibu wati 265. Tukazima konsoli tukaacha TV peke yake, mmweko ukawa kila sekunde 51, yaani karibu wati 70. Tofauti ni 195, sawa kabisa na kipima-wati.

Hatua ya 3: Pima gemu iliyosimamishwa, na skrini ya nyumbani

Hatua hii ndiyo watu huiruka. Bonyeza kitufe cha kusimamisha mechi, weka pedi chini, na usome tena. Wengi hudhani mashine sasa imepumzika. La. Gemu bado inachora uwanja, nyasi na mashabiki nyuma ya ile menyu, makumi ya mara kwa sekunde, kana kwamba mnacheza. Tulipata wati 160. Dada yangu aliangalia nambari ile, akamwangalia mwanawe, akarudi kuangalia nambari.

Sasa funga gemu kabisa ubaki kwenye skrini ya nyumbani. Hapo ilishuka hadi wati 48. Ni afadhali, lakini bado ni sawa na balbu tano za LED za wati tisa au kumi zinazomwangazia mtu ambaye hayupo.

Hatua ya 4: Pima ikiwa imepumzika, na ikiwa imezimwa

Iweke kwenye Rest Mode, usubiri. Dakika za mwanzo nambari haitulii, kwa sababu mashine inamalizia kuhifadhi na pengine kupakua. Mpe dakika kumi na tano.

Hapa vipima vya bei nafuu huanza kubahatisha. Chini ya wati chache, kimoja kitakuonyesha 0.0, kingine 5. Kuna njia mbili za kukiokoa. Ya kwanza ni kuacha konsoli ikipumzika usiku na mchana mzima na kusoma kWh badala ya W. Ya pili ni ya fundi: chomeka ekstensheni yenye balbu ya zamani ya waya wa ndani, ya wati 40 au 60, usome, kisha uongeze konsoli iliyopumzika kwenye ekstensheni hiyohiyo. Kipima sasa kiko mahali kinapoona vizuri, na tofauti ndiyo konsoli.

Umoja tulipata wati 4, milango ya USB ikiwa imewekwa kutoa umeme wakati wote. Tulipozima hilo tukaacha intaneti peke yake, ilishuka hadi kama wati moja na nusu. Ikizimwa kabisa lakini ikabaki kwenye soketi, haifiki hata wati moja. Wale mnaochomoa PS5 kila usiku kwa ajili ya bili, sasa mnajua mnachookoa: wati 1.5 kwa saa 20 kwa siku 30 haifiki yuniti moja kwa mwezi.

Onyo: kamwe usizime soketi ukutani wakati taa ni ya rangi ya chungwa. Mashine haijazimwa, imelala na gemu kichwani. Ukitaka kuchomoa, izime kupitia menyu kwanza ungoje taa ife.

Hatua ya 5: Andika saa za kweli kwa wiki moja

Usimuulize anayecheza. Atasema saa mbili. Bandika karatasi kando ya TV, kila anayepita aandike saa na hali aliyoikuta: inachezwa, imesimamishwa, skrini ya nyumbani, taa ya chungwa. Baada ya wiki, wastani wa siku Umoja ulikuwa saa 3 za kucheza, saa 2 za gemu iliyosimamishwa, saa 1 ya skrini ya nyumbani, na saa 18 za mapumziko. TV ilikuwa imewaka saa zote 6.

Hatua ya 6: Piga hesabu

Zidisha wati kwa saa za kila hali, ujumlishe, ugawanye kwa 1000, kisha uzidishe kwa 30.

```
Kucheza          195 x 3  = 585
Imesimamishwa    160 x 2  = 320
Skrini ya nyumbani 48 x 1 =  48
Mapumziko          4 x 18 =  72
Jumla kwa siku            = 1025 Wh
1025 / 1000 x 30          = yuniti 30.75
```

TV ni wati 70 kwa saa 6, yaani yuniti 12.6 kwa mwezi. Linganisha na yule anayezidisha kibandiko: 350 kwa saa 6 kwa siku 30 ni yuniti 63, maradufu ya ukweli, na bado hajaihesabu TV.

Tazama mahali tatizo lilipo. Mapumziko ya saa 18 yalikula Wh 72. Saa mbili za kusimamishwa zilikula 320. Mshukiwa wetu alikuwa mdogo kuliko wote ila skrini ya nyumbani.

Hatua ya 7: Badilisha mipangilio

Anza na ile inayogusa saa zilizopotea.

Nenda `Settings` > `System` > `Power Saving` > `Set Time Until PS5 Enters Rest Mode`. Pana sehemu ya kucheza na ya kutazama video. Chagua muda mfupi zaidi unaoweza kuvumiliwa nyumbani. Gemu haipotei: ukiiamsha mashine unaendelea palepale uliposimama.

Kisha `Settings` > `System` > `HDMI`, uwashe `Enable HDMI Device Link` na `Enable Power Off Link`. Sasa mtu akizima TV kwa rimoti, konsoli nayo inaingia mapumzikoni. Kwa maoni yangu huu ndio mpangilio bora kuliko yote, kwa sababu hauhitaji kijana kukumbuka lolote. Mama akizima TV wakati wa chakula, kazi imekwisha. Kwenye TV yenyewe lazima kipengele cha HDMI cha aina hiyo kiwe kimewashwa pia, na kila kampuni hukiita jina lake.

Rudi `Power Saving` > `Features Available in Rest Mode`. Weka `Supply Power to USB Ports` kwenye saa 3 au uizime, kulingana na mnavyochaji pedi. `Stay Connected to the Internet` unaweza kuiacha kama mnapakua masasisho usiku. Ukiizima utaokoa kidogo sana, halafu kijana atangoja sasisho kwa saa nzima mashine ikiwa imewaka kwa wati 48, TV nayo imewaka. Huko ni kukimbia moshi na kuingia motoni.

Mwisho ni mkono, si menyu: badala ya kusimamisha mechi na kuondoka, bonyeza kitufe cha PS kwenye pedi mara moja, uchague alama ya Power, kisha Rest Mode.

*Mwenye Xbox Series X au S*, kwako usingizi ndio wenye uzito. Hali ya `Sleep` hula kama wati 10 hadi 15 muda wote. Wati 12 kwa saa 20 kwa siku 30 ni yuniti 7.2, zaidi ya shilingi 200 kwa bei ya Umoja. Nenda `Settings` > `General` > `Power options`, uchague `Shutdown (energy saving)`, ambayo hula karibu nusu wati. Masasisho bado yatapakuliwa usiku. Unachopoteza ni sekunde chache za kungoja iwake.

*Mwenye Switch ya kwanza*, hata ikiwa kwenye kituo chake cha TV, haifiki wati 20. TV yako inakula zaidi. Shughulika nayo.

Hatua ya 8: Pima tena baada ya wiki

Umoja kijana hakupunguziwa hata dakika ya kucheza. Saa zake 3 zilibaki. Kusimamishwa kulishuka hadi dakika 15 kwa siku, skrini ya nyumbani dakika 10, mapumziko yakawa wati 1.5. Jumla mpya ni Wh 664 kwa siku, yaani yuniti 19.9 kwa mwezi. TV nayo, kwa kuwa haiwaki tena bure, ilishuka hadi 7.2.

Nyumba hiyo hutumia yuniti 70 kwa mambo mengine. Kabla: 70 + 30.75 + 12.6 ni zaidi ya 113. Baada: 70 + 19.9 + 7.2 ni 97. Wamerudi chini ya 100. Kwa kuwa kundi hufuata wastani wa miezi mitatu, mwezi wa kwanza hawakuona bei ikishuka, na dada yangu alinipigia kulalamika. Iliposhuka, elfu moja ilianza kumpa yuniti kama 38.5, yaani shilingi 26 kila moja.

Kabla alikuwa akilipa karibu shilingi 3,400 kwa mwezi. Sasa ni kama 2,525. Katika zile 875 zilizookolewa, kama 490 zimetokana na yuniti zisizotumika, na zilizobaki zimetokana na kushuka kundi. Kama nyumba yako inatumia yuniti 180, sehemu hiyo ya pili huipati, haijalishi utabonyeza nini kwenye menyu. Utapata ya kwanza tu.

Mambo yakienda kombo

*Iko mapumzikoni lakini inasoma wati 30 au zaidi.* Inapakua. Angalia foleni ya upakuaji, ingoje imalize, usome tena. Kama foleni ni tupu, chomoa diski ya nje na pedi kwenye USB.

*Inajiwasha yenyewe.* Mara nyingi ni TV inayoiamsha kupitia HDMI, au mtu ameketi juu ya pedi. Zima `Enable HDMI Device Link` kwa muda, uone kama itaacha.

*Stima ilipotea ikiwa mapumzikoni, sasa inagomba kwamba haikuzimwa vizuri.* Iache imalize kukagua hifadhi yake, usiichomoe katikati. Kama mtaa wenu stima hupotea kila wiki, ni heri kuizima kabisa usiku, si kwa bili bali kwa usalama wa diski.

*Nimefanya yote na tokeni bado zinaisha.* Konsoli ilikuwa imesingiziwa. Angalia bafuni. Hita ya maji ya papo hapo ya wati 5,000 ikiwaka dakika 10 inakula zaidi ya yuniti 0.8, sawa na zaidi ya saa nne za PS5 ikichezwa. Watu wanne wakioga kila asubuhi, hiyo ni karibu yuniti 100 kwa mwezi kabla pedi haijaguswa. Rudi kwenye mita, zima vyote, uwashe kimoja kimoja ukihesabu mimweko. Kama inamweka na kila kitu kimezimwa, kuna waya unaopeleka stima mahali usipopajua, na hapo umwite fundi wa umeme mwenye leseni.